Steshenari ya Mwanjelwa, barua ya kazi, na "hakuna mstari mwekundu"

Jina la duka silitaji, maana mji wenyewe huu tunakutana kila siku. Niseme tu ni maeneo ya Mwanjelwa hapa Mbeya, kwenye zile steshenari zinazobanana, mteja unasimama mlangoni na mgongo wako uko barabarani. Nilikwenda kuchapisha barua ya kuomba kazi ya utunzaji ghala kwenye kampuni moja inayonunua parachichi kule Rungwe. Walitaka barua ya Kiswahili. Yangu nilikuwa nimeiandika kwa mkono, safi, mwandiko wa kusomeka.

Sasa angalieni wanavyofanya kazi. Dada wa mashine hasomi karatasi yako. Anampa kijana wake asome kwa sauti, yeye anachapa anachosikia. Wana kasi kweli, hilo siwanyimi. Wakaprinti, nikalipa, nikasogea pembeni nisome. Kipande cha katikati nilikuwa nimeandika hivi:

"Mimi si mgeni katika kazi ya ghala. Nimetunza bidhaa za thamani kubwa bila kuharibika, na nina ari ya kujifunza zaidi. Itakuwa fahari kwangu kufanya kazi mahali penye nidhamu."

Kilichotoka kwenye printa ni hiki:

"Mimi mgeni katika kazi ya ghala. Nimetunza bidhaa za samani kubwa bila kuharibika, na nina hari ya kujifunza zaidi. Itakuwa fahali kwangu kufanya kazi mahari penye nidhamu."

Jamani. Mimi mgeni, natunza makabati, natokwa jasho, naahidi ng'ombe dume, na kazi yenyewe naifanyia kwenye mahari ya mtu! Nikamwambia kwa upole kabisa, "Dada, hapa kuna makosa." Hata hakugeuka. "Kaka, kompyuta haijapiga mstari mwekundu. Ingekuwa kosa ingepiga. Kama unajua sana si ungechapa mwenyewe?" Watu kwenye foleni wakacheka. Hapo ndipo damu ilinichemka.

Maana hata hiyo mashine ingekuwa inajua Kiswahili kama mzee wa pwani, isingepiga kitu. Kikagua tahajia kinachukua neno moja moja na kulitafuta kwenye orodha yake. Samani lipo, hari lipo, fahali lipo, mahari lipo. Yote maneno halali. Hakijui kwamba kwenye barua ya kazi hakuna anayezungumzia mahari. Na neno lililoruka ndiyo kabisa, kitakagua vipi kitu ambacho hakipo?

Alinikuta nimeduwaa mzee mmoja, mwalimu mstaafu, alikuwa anasubiri fotokopi zake. Nikamwamkia shikamoo, akapokea barua, akavaa miwani. Akamwambia kijana, "Hebu msomee tena hii iliyochapwa." Kijana akasoma. Mnajua nini? Kwa sikio barua ilikuwa nzuri! Huku kwetu wengi r na l zinapishana mdomoni, na th tunaitamka s bila hata kujishtukia. Thamani na samani kwa sauti ya yule kijana ni kitu kimoja, fahari na fahali vilevile. Ndiyo maana dada alichapa alichosikia, na ndiyo maana kusomewa tena hakukusaidia kitu. Masikio yaliyoleta kosa hayawezi kulikamata.

Ila sikio lilikamata kimoja. Kijana alipofika "Mimi mgeni" alisita mwenyewe. Mwalimu akasema vineno vya silabi moja, si, na, ni, wa, ndivyo vinavyomezwa, na ukisoma kimyakimya jicho lako linavijazia kwa sababu wewe unajua ulichokusudia. Kwa hivyo neno lililopotea litafute kwa sauti, kidole kikiwa kwenye karatasi ya mkono, neno kwa neno, na ikiwezekana asome mtu ambaye hajui barua inasema nini. Maneno pacha yatafute kwa macho, na utafute yale tu unayojijua kwamba yanakusumbua. Akaniandikia nyuma ya risiti: thamani na samani, ari na hari, fahari na fahali, mahali na mahari, dhana na zana, kura na kula, kalamu na karamu. Kwenye kompyuta unabonyeza Ctrl+F, unaandika pacha mbaya, unaona kama limejificha mahali.

Akanionyesha na jambo ambalo sikuwa nimeliona. Fahali na mahari ni makosa ya kuchekesha, msomaji atajua umekosea. Hata "penye" lililofuata linakuumbua, maana mahari hayawezi kuwa "penye". La hatari ni lile linaloleta maana. "Bidhaa za samani kubwa" inasomeka vizuri tu: atadhani ulikuwa duka la makochi, atakuweka pembeni. "Mimi mgeni katika kazi ya ghala" nayo ni sentensi kamili. Nani angekuuliza kama ulikusudia kinyume chake? Ndaga fijo, mwalimu.

Basi dada akaona aibu kidogo, akasema leta nirekebishe, bure. Nikalainika. Kusema kweli nilishaanza kufikiria nimsifu. Akarudisha "si", akarekebisha fahari, mahali na thamani moja moja, vizuri kabisa. Ilipofika hari, akafungua Ctrl+H, akaandika hari kuwa ari, akabonyeza Replace All. Akaprinti, huyo, anahudumia mwingine.

Nikasoma: "Itakuwa faari kwangu." Na juu yake: "bila kuaribika."

Unaona ilivyokuwa? Hari imo ndani ya fahari, imo ndani ya kuharibika. Ukibadilisha zote kwa mpigo bila kuweka tiki kwenye Find whole words only, mashine inakata popote inapoikuta, hata katikati ya neno zima. Kwa hizi mbili angalau mstari mwekundu ungesaidia, kwa sababu hakuna neno faari. Nikauliza, mbona haujapiga? Kijana, Mungu ambariki, akasema mbele ya watu wote: "Tuliuzima, kaka. Mashine imewekwa Kiingereza, Kiswahili chote kilikuwa kinakuwa chekundu." Akaniingiza nyuma ya kaunta, kweli, pale kwenye lugha tiki ipo: Do not check spelling or grammar. Yaani mstari alionitambia nao haukuwepo tangu asubuhi! Labda tangu mwaka jana!

Dada akasema, "Wateja wengine hawalalamiki." Hawalalamiki kwa sababu hawasomi, dada yangu. Wanafunga bahasha wanakwenda posta, wakikosa kazi wanasema kuna undugu.

Nilitaka kuandika msiende kabisa. Lakini niwe mkweli, kijana alikaa na mimi, akairudia yote huku anaangalia karatasi yangu kwa macho, bila kusomewa na mtu, na ilitoka bila doa. Huyo akifungua lake nitamfuata hata Uyole. Dada yeye alinitoza karatasi za kuprinti upya, zote, pamoja na ile ya faari. Nililipa, sikutaka maneno. Kwa fotokopi na laminesheni nendeni tu, wanafanya vizuri na bei si mbaya. Kwa barua, mwombeni yule kijana achape yeye, na msikubali kusomewa.