Seti ya sola ya kuchajia simu: paneli nzuri, kontrola sawa, inveta ndiyo iliyoniulia betri

Kwetu ni wilaya ya Pangani, lakini nguzo za umeme zimeishia barabara kuu. Huku ufukweni tulipo hakuna waya, na ukitaka chaji unatembea dakika arobaini kwenda na nyingine arobaini kurudi. Wavuvi na kina mama wa mwani walikuwa wakimpa simu zao dereva wa bodaboda azipeleke, na jioni azirudishe kama kakumbuka. Mie nina genge la mboga na kibaraza chenye kivuli. Nikaona biashara ndiyo hiyo.

Nilinunua seti mjini Tanga kwa shilingi 420,000. Ndani yake kulikuwa na paneli ya wati 100, betri isiyoongezwa maji iliyoandikwa 12V 50Ah, kontrola ndogo ya buluu yenye kioo ya kusimamia chaji ya betri, inveta ya wati 300 ya kugeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani, na waya. Sasa ni mwezi wa kumi na nne. Nachaji kitochi kwa 300 na simu janja kwa 500, na siku ya kawaida naletewa vitochi kama kumi na tano na simu janja sita. Hiyo ni 7,500 kwa siku, jua likiwepo.

Kijana wa dukani alinifungia kila kitu kwa dakika ishirini. Paneli ikaingia kwenye kontrola, kontrola kwenye betri. Inveta akaibana kwa koleo zake mbili, nyekundu na nyeusi, moja kwa moja kwenye vichwa vya betri. Nikachomeka ekstensheni, watu wakaja na chaja zao za ukutani, nikaanza kuhesabu hela. Aliniambia inveta nisiwe naizima na kuiwasha ovyo, itaungua. Basi ikawa inawaka usiku na mchana, feni yake ikivuma kama nyuki ndani ya kopo.

Miezi mitatu ya mwanzo sikuwa na neno. Mwezi wa nne inveta ikaanza kupiga kelele saa mbili usiku, kisha magharibi, kisha alasiri. Mwezi wa tano simu tano tu zilitosha kuinyamazisha. Kilichonichanganya ni kwamba kioo cha kontrola kilionyesha betri imejaa kila siku, tena mapema, saa nne asubuhi tu michirizi yote imesimama. Nikawa naamini betri ni nzima na mbovu ni paneli. Nikapanda juu kuisugua kama sufuria.

Dukani waliipima betri, wakaniambia waranti haihusu betri iliyonyonywa hadi mwisho. Nilirudi nayo nimenuna. Jirani yetu mmoja, mzee aliyekuwa fundi redio, ndiye aliyeniambia ukweli. Alikuja alfajiri na multimita yake, jua halijatoka.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu. Jana ilisema imejaa, siyo? Haya, tazama."

Kioo cha multimita kikasoma volti 11.4. Akanieleza kwamba betri ya aina hii ikiwa imetulia, haichajiwi wala haitumiki, inatakiwa isome kama 12.7 ikiwa imejaa. 12.2 ni nusu, na chini ya 12 tayari unaiumiza. Mchana jua likiwaka usiamini namba, maana unaposoma 13 au 14 unaona nguvu inayosukumwa na paneli, siyo iliyomo ndani ya betri. Betri iliyokufa hujaa upesi kuliko nzima, kwa sababu haina tena nafasi ya kuwekea kitu. Ndiyo maana yangu ilikuwa "imejaa" saa nne asubuhi.

Halafu akatoa simu zote kwenye ekstensheni, akaacha inveta peke yake ikivuma, akapima ampea kwenye waya wake. Ilikuwa inakula 0.6 bila kuchaji chochote. Ukizidisha kwa volti 12 na ushee unapata kama wati saba na nusu. Kwa saa 24 hizo ni wati-saa 180.

Sasa linganisha na kinachoingia. Paneli yangu nyuma imeandikwa volti 18 na ampea 5.5, ndiyo hizo wati 100. Lakini kontrola ya bei rahisi huiburuta paneli ishuke ifuate volti ya betri, na ampea zinabaki zile zile. 5.5 mara 13 ni wati sabini na kidogo. Jua zuri la huku naweza kulihesabu kama saa nne na nusu kamili, ukijumlisha asubuhi hafifu na mchana mkali. Kwa hiyo siku nzima navuna wati-saa 315 hivi, ambayo haifiki hata theluthi ya uniti moja ya LUKU. Zaidi ya nusu yake ilikuwa inaliwa na kile kikopo kinachovuma.

Simu nazo zilikuwa zinakula zaidi ya haki yao. Simu janja yenye betri ya 5000mAh ina wati-saa 19. Ukiichaji kwa inveta unapandisha volti 12 hadi 230, halafu chaja ya mteja inaishusha hadi 5, na kila hatua inamwaga kitu njiani. Mwisho inakula kama 33. Kitochi kinakula 8. Sita mara 33 na kumi na tano mara 8 ni kama 320. Ongeza 180 za inveta, natoa 500 kila siku kwenye mfuko unaoingia 315. Kilichopungua kilikuwa kinachunwa kwenye betri.

Na betri haikuwa na mlinzi. Hapo ndipo nawalaumu walionifungia. Kontrola ina matundu mawili yenye alama ya balbu, na kazi yake mojawapo ni kukata matumizi betri ikishuka. Inveta iliyobanwa moja kwa moja kwenye betri haipiti hapo, kwa hiyo kontrola inatazama tu. Inveta yenyewe hukata kwenye 10.5, na kwa betri ya risasi kama yangu huko ni kaburini. Ikilala hivyo usiku baada ya usiku, ndani yake sahani zinaganda ukoko ambao chaji haiuondoi tena.

Betri mpya ilinigharimu 190,000. Hesabu mwenyewe ni siku ngapi za kuchaji, tena bila kula.

Safari hii mzee hakuruhusu inveta hata iguse meza. Nilinunua matundu ya USB ya kwenye gari, yale yanayopokea volti 12 na kutoa 5, sita kwa shilingi 6,000 kila moja. Tukayapanga kwenye kipande cha ubao, kila moja na fyuzi yake, waya mmoja mnene ukarudi kwenye matundu ya balbu ya kontrola. Yote sita yakifanya kazi ya simu janja yanavuta kama ampea tano, na kontrola yangu inaruhusu kumi. Moja lilikuwa feki, nje limeandikwa 2.1A lakini simu yenyewe inaandika kuwa inachaji polepole, na tangu asubuhi hadi adhuhuri haijafika nusu. Nililirudisha.

Jambo la pili ni mpangilio wa kontrola. Yangu ilitoka dukani ikiwa imewekwa kukata kwenye 10.7. Ukibonyeza kitufe cha menyu hadi namba hiyo itokee, kisha ukakishikilia, inaanza kumwekamweka na unaweza kuibadilisha. Nimeweka 11.9. Aina ya betri iwe b1, maana b2 na b3 kwenye kontrola yangu ni za lithiamu. Betri ikifika 11.9 matundu yote yanazima yenyewe, wateja wananung'unika, na mie nalala usingizi.

Kwa njia hii simu janja inakula kama 25 badala ya 33, kitochi 6 badala ya 8. Wateja ni wale wale lakini matumizi yameshuka hadi 240. Kinachobaki kinatosha hasara ya betri yenyewe na balbu yangu ya kibarazani. Multimita nimenunua yangu, na kila alfajiri kabla sijawasha jiko napima. Leo imesoma 12.6. Betri hii ina mwezi wa tisa.

Nimebadilisha na saa. Zamani nilikuwa nazilaza simu usiku kucha, yaani umeme unaingia kwenye betri mchana halafu unatolewa tena usiku, na kila ukipita humo unapungua. Sasa simu janja zote naziweka kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, jua linapoingia moja kwa moja. Vitochi vinajipenyeza asubuhi na jioni. Wavuvi wanachukua zao kabla ya kushua ngalawa. Simu naipokea ikiwa imezimwa, mbele ya mwenyewe, naifunga kwa mpira na kipande cha boksi chenye namba, kipande pacha anaondoka nacho. Ikizimwa inajaa haraka, na hakuna atakayesema nilimsomea meseji.

Kuhusu paneli sina malalamiko, ila nilikosea kuiweka. Mwanzo ilikuwa upande wa mnazi, na saa tisa kuti moja lilitupa kivuli chembamba pembeni. Nikadhani si kitu, kumbe ampea zilishuka karibu nusu, kwa sababu vijisahani vyake vimeungwa mkufu, kimoja kikizibwa kinawazuia wenzake. Nikaihamishia kwenye nguzo, imeinama kidogo kuelekea kaskazini ili mvua iisafishe. Chumvi ya bahari naifuta mwenyewe kila Ijumaa kwa kitambaa na maji ya kisima, asubuhi kioo kikiwa baridi. Vichwa vya betri navipaka grisi, la sivyo vinaota unga wa kijani.

Nilichopoteza ni wateja wa kobe, ile chaja ya kubana betri iliyochomolewa kwenye simu. Zao nyingi ni za soketi ya ukutani, bila inveta hazina pa kuchomeka. Wanne wamehama, wawili nimewatafutia kobe zenye mdomo wa USB.

Masika ndiyo mtihani. Siku ya mawingu mazito navuna mia moja, pengine chini ya hapo, na siku hizo sipokei simu janja kabisa. Mwezi wa nne nahodha mmoja alinikunjia uso, simu yake kubwa mkononi, mvua inatiririka kwenye kofia.

"Wewe si una sola?"

"Ninayo, nahodha. Jua ndilo sina. Niletee kitochi."

Akaenda, akarudi na kitochi cha mkewe.