Bonge la ukwaju la dukani: nililotumia mwezi mzima kwa chatne ya viazi karai

Jioni za Ijumaa na Jumamosi nakaanga viazi karai kibarazani kwetu hapa Mombasa, na chatne ya ukwaju ndiyo inayomrudisha mteja. Siku zote nilikuwa nanunua ukwaju wa maganda sokoni. Mwezi uliopita nikajaribu bonge lililoshindiliwa, la gramu 400, lililofungwa kwa nailoni, lenye maandishi kwamba halina kokwa. Nilichoka kumenya. Ukwaju wa maganda ukishatoa ganda, nyuzi na kokwa, nyama inayobaki ni zaidi kidogo tu ya nusu ya uzito ulioulipia.

Siku ya kwanza niliharibu. Nilikata nusu ya bonge, nikamimina vikombe vitatu vya maji ya moto kwa pamoja. Vipande vikawa vinaelea na kuteleza vidoleni, nikikamua nashika maji tu, na nyama imebaki imeng'ang'ania nyuzi. Nilichochuja kilikuwa maji ya kahawia. Nikayabandika jikoni yapungue yawe mazito, na hapo ndipo nilipokosea mara ya pili: maji hutoka na mvuke, uchachu hauondoki. Asidi ya ukwaju hubaki yote sufuriani, kwa hiyo kila yalivyopungua ndivyo ulivyozidi kuuma. Nikatia chumvi kama kawaida yangu. Mama mkwe akaonja akaweka kijiko chini: "Mwanangu, hii mbona chumvi imezidi? Kwani ulisoma karatasi yake?" Kweli, kwa maandishi madogo nyuma ya pakiti wameandika ukwaju na chumvi.

Sasa nafanya hivi. Gramu 200 nazichambua vipande vidogo ndani ya bakuli la kioo, natia kikombe kimoja tu cha maji ya moto, nafunika nusu saa. Nikirudi maji yamenywewa karibu yote, na hapo vidole vina kitu cha kushika. Nakanda dakika tano hivi, mpaka nyuzi ziwe wazi na kokwa ziwe zinateleza. Ndiyo, kokwa zipo. Katika nusu ile niliokota kumi na moja, nyingine zimevunjika, na kipande cha kokwa kikipita kwenye chatne mteja anakisikia jinoni. Ndiyo sababu siutii ukwaju kwenye blenda kabla ya kuuchuja: kisu kinasaga kokwa, rojo linakuwa na mchanga na linakausha mdomo.

Kisha nasukuma kwa mgongo wa kijiko kwenye chujio la waya. Usisahau kukwangua chini ya chujio, maana rojo zito linashikilia pale badala ya kudondoka. Makapi nayarudisha bakulini na nusu kikombe cha maji ya moto, nakanda tena, nachuja, nachanganya na lile la kwanza. Napata rojo laini linalofunika kijiko. Nikipitisha kidole mgongoni mwake, mstari unabaki.

Kuhusu uchachu, usionje rojo tupu. Ni kali mno, ulimi unakufa ganzi na kila kitu kinaonekana sawa. Wala usitazame rangi, kwa sababu ukwaju huwa mweusi kwa kukaa tu. Mimi nakoroga kijiko kimoja cha chai cha rojo katika vijiko vitano vya chakula vya maji ya vuguvugu, bila sukari, kwa kuwa sukari inauficha uchachu tu. Pembeni naweka kikombe kingine cha rojo la maganda niliyoyazoea, kwa kipimo kile kile. Naonja, nasubiri kidogo, nasuuza mdomo, naonja la pili.

Bonge hili lilikuwa kali zaidi. Ilinibidi niongeze vijiko viwili vya maji, vikawa saba, ndipo likalingana na la maganda. Hesabu yake ni rahisi: tano kwa saba, yaani pale nilipokuwa natia kikombe kizima cha rojo, sasa natia robo tatu kasoro kidogo, kisha najazia maji. Pilipili, kitunguu saumu na bizari nyembamba zinabaki vile vile. Chumvi naionja mwisho kabisa.

Harufu ndiyo iliyoniangusha. Maganda mapya yana harufu ya tunda, kama zabibu kavu. Bonge linanukia kukaa. Kwenye chatne yenye pilipili na kitunguu saumu hakuna mteja aliyelalamika. Kwa juisi sitalitumia, chumvi yake inasikika hata kwenye glasi yenye sukari nyingi. Nimeshanunua la pili kwa ajili ya viazi, na nililipima upya kwa vijiko kabla ya kulitumia: hili lililingana na maganda kwenye kijiko cha sita.