Kimya cha darasani si mapumziko: uzoefu wangu wa kugawa mihadhara kwa silencedetect ya ffmpeg

Kila Alhamisi mimi husimama nyuma ya ukumbi wa chuo kimoja hapa Kisumu nikirekodi fiziolojia ya wanafunzi wa uuguzi. Somo huanza saa saba u nusu mchana na kwisha karibu saa kumi na dakika ishirini. Linalobaki kwenye kompyuta yangu ni faili moja la gigabaiti 6. WhatsApp haipokei faili linalozidi gigabaiti 2, na hata kama ingepokea, mwanafunzi anayetaka dakika thelathini za mwisho kuhusu asidi na besi hana sababu ya kumaliza bando lake kwa ajili ya saa tatu nzima. Kwa hiyo nilitaka kompyuta yenyewe itambue mada inapokwisha, ikate pale, na inipe faili moja kwa kila mada.

Nilichagua ffmpeg, programu ya kuchakata sauti na video, kwa sababu ni ya bure na inafanya kazi bila mtandao. Ndani yake kuna kichujio kinachoitwa `silencedetect`. Unakipa mambo mawili: kiwango cha sauti ambacho chini yake kihesabu kuwa ni kimya, na sekunde ambazo kimya hicho lazima kidumu. Usipotaja chochote, kitatumia desibeli -60 na sekunde 2. Nilikiendesha hivyo hivyo mara ya kwanza na hakikuona kimya hata kimoja katika saa tatu. Feni za ukumbi, viti na boda boda za barabarani zilikuwa juu ya -60 muda wote.

Nikapandisha kiwango kwa kubahatisha hadi -25. Nikapata zaidi ya vimya mia mbili. Hapo nikaacha kubahatisha, nikapima. Nilitafuta sekunde ishirini ambazo mhadhiri alikuwa ameacha kusema, nikaziuliza zina sauti kiasi gani:

```
ffmpeg -ss 00:41:10 -t 20 -i somo.mp4 -vn -af volumedetect -f null -
```

Jibu lina mistari miwili ya maana, `mean_volume` ambayo ni wastani, na `max_volume` ambayo ni kilele. Kwangu wastani ulikuwa -44 na kilele -31.8. Mtu huvutwa kuchukua wastani, aongeze kidogo, aseme kimya ni -40. Mimi nilifanya hivyo na nikakosa karibu vyote. Sababu ni kwamba `silencedetect` haiangalii wastani. Inaangalia kila sampuli ya sauti, na sampuli moja tu ikivuka kiwango, hesabu ya sekunde inaanza upya. Kikohozi kimoja au kiti kimoja kuburutwa sakafuni kinatosha kuvunja kimya cha sekunde ishirini. Kwa hiyo kiwango lazima kiwe juu ya kilele cha utulivu, si juu ya wastani wake. Nilipoweka -30 na sekunde 4, mambo yakatulia, nikapata vimya 57.

Nilivisikiliza vyote 57 nikiwa na daftari. Katika 49, Daktari, yaani mhadhiri wetu, alikuwa akiandika ubaoni kwa kalamu ya wino, ambayo haina mlio wa chaki. Katika 5 alikuwa ameuliza swali na darasa zima limeinamisha kichwa. Katika 3 alikuwa akinywa maji. Hakuna hata kimoja kilichokuwa mpaka wa mada. Anapomaliza mada moja yeye husema "haya, tuendelee" na pumzi hiyo hiyo anaingia nyingine. Na mapumziko, ambayo nilidhani yatakuwa rahisi kuliko yote kuyaona, ndiyo dakika zenye kelele kuliko zote: wanafunzi themanini wakizungumza kwa pamoja. Chombo kilikuwa kinafanya kazi yake sawasawa. Mimi ndiye niliyekuwa nimeamini kwamba kimya na mwisho wa mada ni kitu kimoja.

Nikajaribu picha badala ya sauti. ffmpeg hulinganisha fremu na inayoitangulia, ikaipa tofauti hiyo alama kati ya 0 na 1, nawe unaomba zile zinazovuka kiwango fulani, wengi huanza na 0.4. Kwa filamu inafaa sana. Kwa kamera iliyosimama nyuma ya ukumbi, slaidi ni kipande kidogo cha picha, na slaidi nyeupe ikibadilika kuwa nyeupe nyingine yenye maneno tofauti, alama haipandi. Kilichopandisha alama ni mlango kufunguliwa na mwanga wa jua kuingia. Unaweza kukata picha ibaki skrini ya projekta peke yake, na hapo mabadiliko huonekana vizuri, lakini Daktari ana slaidi sitini na mada nne. Slaidi kubadilika si mada kubadilika.

Halafu ikaja mvua. Wanaoishi kando ya ziwa wanajua inavyoshuka alasiri, na ukumbi wetu umeezekwa kwa mabati. Kuanzia saa tisa hadi mwisho wa somo hakukuwa na kimya chochote kwenye orodha. Nilikuwa na desturi ya kutanguliza kichujio cha `highpass=f=200` ili kuondoa mngurumo wa jenereta, na kwa jenereta kilinisaidia kweli. Kwa mvua hakikufaa kitu, kwa kuwa sauti ya mvua kwenye mabati imetapakaa kutoka chini hadi juu, mle mle yalimo maneno ya mtu.

Siku hiyo nikiwa nakunja nyaya nilimwona Daktari akizima maiki yake ya kifuani kabla ya kuivua. Nilimwendea.

"Daktari, samahani, nina ombi dogo. Ukimaliza mada, unaweza kubonyeza hicho kitufe, uhesabu moja hadi nane, kisha ubonyeze tena?"

"Na wanafunzi nitawaambia nini, kijana wangu?"

"Waambie wafungue ukurasa mpya."

Alicheka, akakubali. Tangu siku hiyo sijatafuta tena kimya cha ukumbi. Maiki iliyozimwa haisikii mvua wala viti wala boda boda. Nilipopima sekunde hizo nane, kilele kilikuwa -72, wakati ukumbi mtulivu kabisa una kilele cha -31.8. Pengo la desibeli 40 ni kubwa mno, kiasi kwamba hakuna tena haja ya kuchagua kiwango kwa uangalifu. Ile -60 ya asili, iliyokuwa haina maana mwanzoni, sasa ndiyo inayofaa:

```
ffmpeg -i somo.mp4 -vn -af silencedetect=noise=-60dB:d=6 -f null - 2> kimya.txt
grep silence_end kimya.txt
```

Sehemu ya `-vn` inaiambia isishughulike na picha, na kwa hivyo faili la saa tatu haliifikishi kompyuta yangu ya zamani dakika mbili. Alhamisi moja ya mada za figo, orodha yote ilikuwa hii:

```
silence_end: 2473.61 | silence_duration: 8.42
silence_end: 6331.9 | silence_duration: 1229.53
silence_end: 8426.21 | silence_duration: 9.16
```

Mistari mitatu badala ya 57. Wa kwanza na wa tatu ni mipaka ya mada. Wa kati, wenye sekunde 1229, ni mapumziko, kwa kuwa Daktari huacha maiki imezimwa hadi arudi. Ukitoa urefu kwenye mwisho unapata kimya kilianza lini: 2473.61 kutoa 8.42 ni 2465.19. Mimi hukata sekunde moja hivi baada ya kimya kuanza, na mapumziko nayakata pande zote mbili:

```
ffmpeg -i somo.mp4 -map 0:v -map 0:a -c copy -f segment \
 -segment_times 2466,5103,6328,8418 \
 -reset_timestamps 1 sehemu_%02d.mp4
```

Yanatoka mafaili matano. La tatu, `sehemu_02.mp4`, ni mapumziko, nalifuta. Yaliyobaki yana dakika 41, 44, 35 na 32.

Kwa nini mwanzoni mwa kimya na si mwishoni? `-c copy` hunakili picha jinsi ilivyo bila kuitengeneza upya, ndiyo maana inamaliza haraka na ubora haupungui, lakini haiwezi kukata popote. Inasubiri fremu kamili inayofuata, ile isiyotegemea nyingine ili ionekane. Kamera yangu inaweka fremu kama hiyo kila nusu sekunde, kwa hiyo sioni tofauti. Rafiki yangu wa Nakuru anayerekodi skrini ya kompyuta alipata taabu: programu yake ilikuwa ikiweka moja kila fremu 250, yaani sekunde 10 kwa kasi ya fremu 25. Alikata mwishoni mwa kimya, na kila faili lilianza katikati ya sentensi ya pili, huku ya kwanza ikibaki mkiani mwa faili lililotangulia. Kwake kimya cha sekunde nane hakitoshi. Ama mhadhiri ahesabu hadi kumi na mbili, ama fremu kamili ziwekwe karibu zaidi kabla ya kurekodi.

Kuna mambo mawili yaliyoniumiza ambayo sitaki yampate mwingine. La kwanza, kamera nyingi hupandisha sauti zenyewe zikihisi kimya. Yangu ilikuwa hivyo, na maiki ilipozimwa, kamera ilikuza mvumo wake yenyewe hadi karibu -50, na `silencedetect` ikarudi mikono mitupu. Niliweka kiwango cha sauti kwa mkono na tatizo likaisha. Kama kipokezi cha maiki kinaingia upande mmoja na maiki ya kamera upande wa pili, nako utakosa, kwa sababu lazima pande zote mbili ziwe kimya kwa pamoja. Tanguliza `pan=mono|c0=c0` ndani ya alama za nukuu, yaani `-af "pan=mono|c0=c0,silencedetect=noise=-60dB:d=6"`, ili isikilizwe ile ya kushoto tu.

La pili ni zito zaidi. Wiki ya pili Daktari alizima maiki, akahesabu, akasahau kuiwasha. Aliendelea kufundisha dakika kumi na moja kuhusu homoni ya ADH, na hakuna neno lake hata moja lililonaswa. Niligundua usiku nyumbani, nilipoona `silence_duration: 671.2` mahali ambapo hapakuwa na mapumziko. Hakuna amri inayorudisha hayo maneno. Sasa ninavaa visikizi tangu dakika ya kwanza hadi ya mwisho, na nikifika tisa kabla sauti haijarudi, nanyoosha mkono juu. Daktari anajua maana yake, naye huinamia kifuani na kubonyeza.