Nimetumia Twinmotion kumchorea mteja bustani na bwawa: kivuli ndicho kilichoniumbua

Habari zenu wadau. Leo ni Twinmotion, ile programu ya Epic Games ya kutengeneza picha za majengo na bustani. Nimechagua kazi moja tu, na ndiyo nitakayowaonesha mwanzo mwisho: bustani ya nyuma ya nyumba Kigamboni, yenye vijia vya pevingi na bwawa la kuogelea la mita 8 kwa 4, kwa ajili ya pendekezo la mteja.

Bei kwanza, maana najua mtaniuliza. Kuanzia 2024 ni bure kama kampuni yako haizidishi mapato ghafi ya dola milioni moja kwa mwaka. Sisi mafundi wa bustani hapo tumepita bila kuinama. Modeli yenyewe nimeichora SketchUp, nikaipeleka Twinmotion kwa kiunganishi cha Datasmith. Ukihamisha bwawa kule SketchUp, huku linahama pia, na miti uliyokwisha kupanda inabaki pale pale. Hilo peke yake limeniokolea usiku mzima wa kazi.

Sasa tazameni picha ya kwanza niliyompelekea mteja. Maji yanametameta, sakafu ya pembeni nyeupe, jua limejaa kote. Mteja akaipenda papo hapo. Halafu shemeji yake, ambaye hata si fundi, akauliza: "Mbona Julai pale nyuma ya nyumba yenu huwa baridi?"

Nikarudi mezani. Kumbe tangu mwanzo sikuiambia programu kiwanja kiko wapi. SketchUp kwa miaka mingi template zake zimekuwa zikija na mahali pa Boulder, Colorado, Marekani, na mipangilio ya mahali ya Twinmotion nayo nilikuwa sijaigusa. Kule kaskazini ya mbali jua la mchana liko kusini mwaka mzima. Kwetu Dar halikai upande mmoja: Desemba linapita kusini, Juni linapita kaskazini. Na nyumba ya huyu mteja iko kaskazini, bustani iko kusini yake. Kwa hiyo miezi ya baridi ghorofa lote linasimama kati ya jua na bwawa.

Nikaingia kwenye mipangilio ya mazingira, nikaweka Dar es Salaam, nikazungusha kaskazini ilingane na ramani ya kiwanja, tarehe nikaweka 21 Juni. Angalieni kinachotokea nikivuta saa. Nyumba ina urefu wa mita 7 hadi ukingo wa paa. Saa sita na nusu mchana jua liko nyuzi 60 hivi, kivuli kinatoka ukutani mita 4. Bwawa nilikuwa nimeliweka mita 2 na nusu kutoka ukutani, kwa hiyo mita moja na nusu ya maji tayari imo kivulini, mchana kweupe! Saa tisa na nusu kivuli kimefika mita 5 na nusu. Saa kumi na nusu, wakati watoto ndiyo wametoka shule, bwawa zima limefunikwa. Mtu angelipia bwawa la kutazama.

Nikalisogeza hadi mita 6 kutoka ukutani. Kiwanja nyuma kina mita 16, nafasi ipo. Saa tisa na nusu maji yote yako juani; saa kumi na nusu nusu ya bwawa, ile ya karibu na nyumba, imeshaingia kivulini, na hilo tulimwambia mteja wazi, tukampa picha yake.

Huko kusogeza kukazaa tatizo jingine, na hili programu haikuniambia hata kidogo. Nyuma ya bwawa, upande wa kusini, nilikuwa nimepanga miarobaini mitatu. Kwenye picha inapendeza mno. Lakini kuanzia Aprili hadi Septemba kusi inavuma kutoka huko huko, na kila jani la mwarobaini lingetua majini. Twinmotion inaweza kuyatikisa majani kwa upepo vizuri kabisa, ila kuyahesabu yanayoangukia kwenye kichujio, hiyo ni kazi ya mtu anayelifagia bwawa. Nikaondoa miarobaini, nikaweka minazi mifupi mbali kidogo na ukingo. Minazi ikianza kuzaa, nazi zikatwe mapema, hilo nalo nimeliandika kwenye pendekezo.

Tukija kwenye mimea: maktaba ni kubwa lakini kwa macho ya Pwani ina mapengo. Minazi na mitende utaipata. Mwashoki ule mwembamba wa kuziba ukuta sikuuona, nikatumia mti wa umbo linalofanana na kuandika jina sahihi kwenye orodha. Ukoka wa Pemba pia huupati vilevile. Nyasi zao ni laini na za kijani kibichi kama za uwanja wa mpira. Nikapunguza kijani, nikafupisha majani. Msipofanya hivyo, mteja atauliza mbona nyasi zake ni ngumu na pana kuliko za picha.

Kitu ninachokipenda kuliko vyote humu ni kitelezi cha umri wa miti. Miti mingi unaweza kuipunguza ikawa michanga. Watu tumezoea kuonesha bustani iliyokomaa, halafu siku ya kukabidhi mteja anakuta vijiti vimefungwa kwenye miti ya kuegemezea. Mwaka juzi nililumbana na mteja mmoja wiki nzima kwa sababu hiyo hiyo, na kosa lilikuwa langu. Siku hizi natoa picha mbili kutoka kamera moja: siku ya kukabidhi, na bustani ikikomaa. Ile ya kwanza haivutii. Naiweka hivyo hivyo, ukurasa mmoja na bei.

Kamera nayo ina hila yake. Ukiacha lenzi pana, bwawa la mita 8 linaonekana la hoteli, na kijia cha sentimita 90 kinaonekana barabara. Nashusha upana wa lenzi hadi nyuzi kama 55, kamera naiweka mita 1.6 kutoka chini, usawa wa macho ya mtu mzima. Hapo ndipo nilipoona kijia chetu hakiwatoshi watu wawili kutembea sambamba. Nikaweka sanamu za watu wawili juu yake, mmoja mguu uko kwenye ukoka. Tukapanua hadi mita 1.2, na pevingi zikaongezeka kwenye hesabu.

Malalamiko yangu? Laptopu. Kadi yangu ya picha ina gigabaiti 6, na nikijaza nyasi halisi kila kona programu inakwama, mara mbili imejifunga bila kuaga. Nyasi halisi sasa naziweka mbele ya kamera tu, kule nyuma zulia la kawaida la kijani linatosha. Path Tracer, ile njia ya kurenda inayofuata mwanga kwa uhalisia zaidi, naitumia kwa picha ya mwisho peke yake, maana inachukua muda.

Hii hapa inamalizikia. Juni 21, saa tisa na nusu. Angalieni ukingo wa kivuli cha paa: umekata katikati ya vitanda vya kuotea jua, haujagusa maji. Vile vitanda viwili vya kushoto itabidi nivisogeze.