TAHADHARI: Kipeperushi cha shule ya jioni kilichonipotezea ada

Ndugu zangu mnaotoka kazini na kutafuta darasa la Kiingereza na kompyuta, someni kipeperushi neno kwa neno kabla ya kulipa. Changu kiliandikwa hivi: "Kiingereza fasaha na kompyuta kamili kwa miezi 3! Saa 12 hadi saa 2 usiku, siku 3 kwa wiki. Kila mwanafunzi na kompyuta yake. Cheti cha kimataifa."

Nikalipa ada yote siku hiyo hiyo, kwa kuwa chini palikuwa na "nafasi 5 tu zimebaki". Mwezi uliofuata kipeperushi kile kile kilikuwa bado kinagawiwa, na nafasi ni zile zile 5.

Hesabu ndiyo ingeniokoa. Saa 2 mara siku 3 ni saa 6 kwa wiki, na kwa wiki 12 ni saa 72. Nusu yake ilikuwa ya kompyuta, kwa hiyo Kiingereza kilibaki na saa 36. Makadirio ya Cambridge, watunga mitihani ya Kiingereza, ni kwamba anayeanza sifuri huhitaji saa 350 hadi 400 za kufundishwa ili afike B1, yaani kiwango cha kujieleza katika mambo ya kawaida, na hapo ufasaha bado. Kwa saa 6 kwa wiki, hata zote zingekuwa za Kiingereza, ni zaidi ya mwaka mzima. Shule inayosema kweli hukupima kwanza, kisha inakuambia unatoka kiwango gani kwenda kipi. Sisi hatukupimwa, aliyekuwa hajui salamu alikaa na mwenzake anayeandika barua za ofisi kwa Kiingereza.

Lililoniuma zaidi ni "kila mwanafunzi na kompyuta yake". Mimi nilielewa kwamba nitakuta mashine ya kwangu peke yangu. Kumbe maana yao ni uje nayo! Tusiokuwa nayo tulikaa watatu nyuma ya mgongo wa mwenye nayo, tukimtazama akipanga safu za Excel.

Ukiona "cheti cha kimataifa", uliza jina la mtihani. IELTS na TOEFL za Kiingereza, na ICDL ya kompyuta, zina wenyewe, na mitihani hiyo kwa kawaida hufanyika kwenye vituo vilivyoidhinishwa, ambavyo unaweza kuvitafuta kwenye tovuti za wenye mtihani. Darasa ambalo si kituo kilichoidhinishwa linaweza kukuandaa tu, na ada ya mtihani mara nyingi huwa kando. Maneno "maandalizi ya IELTS" ni sawa. "Tunatoa cheti cha IELTS" si kweli.

Omba ratiba iliyoandikwa saa za kila somo, na uombe kukaa darasani jioni moja kabla ya kutoa hela. Mimi swali la cheti nililiuliza wiki ya mwisho: mtihani unatungwa na nani? Dada wa mapokezi akanijibu, "Mwalimu wenu."