Programu za meseji za ofisi: ipi ya bure itakuonyesha meseji ya Januari ukiitafuta Julai?

Ofisi nyingi za utalii Arusha na Moshi zikichagua programu ya kuwasiliana ndani ya timu huuliza kama ni ya bure, inakubali watu wangapi na inapiga simu za video au la. Kwa biashara ya safari kuna swali linalotangulia hayo yote: meseji za zamani zitaonekana mpaka lini? Mgeni wa Serengeti au wa njia ya Machame hukata shauri miezi sita, hata minane, kabla ya kushuka KIA. Maelezo yake muhimu hutumwa siku ya kwanza ya bukingi, na huhitajika wiki ya mwisho.

Chukua ofisi ya watu 9 pale Njiro inayotumia programu ya Slack ya bure. Tarehe 12 Januari 2026 mtu wa mauzo anaandika kwenye chaneli ya bukingi kwamba familia ya watu wanne itafika tarehe 20 Julai, mtoto mmoja ana mzio mkali wa karanga, na wamekubaliana bila gharama ya ziada wapewe gari lenye paa la kufunguka. Anaambatisha nakala za pasipoti na vocha ya loji ya Karatu. Kila mtu ameiona na kazi inaendelea.

Mpango wa bure wa Slack unaonyesha meseji na mafaili ya siku 90 zilizopita tu. Ya tarehe 12 Januari inafikisha siku 90 tarehe 12 Aprili, na baada ya hapo inajificha. Wageni wanafika siku 189 baada ya kubuki. Kwa hiyo kwa zaidi ya miezi mitatu kabla ya safari, katika msimu ambao mpishi na dereva wanauliza maswali, jibu limo ndani ya mfumo lakini hakuna anayeweza kulifikia.

Na kinachojificha si maneno peke yake. Vocha nayo haionekani, pasipoti hazionekani, hata meseji uliyoibandika juu ya chaneli ili isipotee hupotea pamoja na nyingine. Kama mhasibu alinakili kiungo cha meseji ile akakiweka kwenye Excel ya malipo, kiungo hakimfikishi popote. Ukiandika "karanga" kwenye sehemu ya kutafuta utapata za siku 90 za karibuni tu, na hapa ndipo hatari ilipo: dereva mpya akitafuta asione kitu, ataamini mgeni hana mzio. Kukosa majibu kunafanana kabisa na kutokuwepo kwa habari.

Kujua kama ofisi yako imeshafika hapo ni rahisi. Andika hivi kwenye sehemu ya kutafuta, ukiweka jina la chaneli yenu na tarehe ya zaidi ya miezi mitatu nyuma:

```
in:#bukingi before:2026-04-12
```

Kama mlikuwa mnaandika kila siku wakati huo na sasa hakiji kitu, basi mmeshafichiwa. Njia nyingine ni kupandisha chaneli juu mpaka mwisho. Utakutana na tangazo la kukuomba ulipie ili uone zaidi.

Kuna hatua ya pili ambayo wengi hawaijui. Mpaka mwaka 2022 Slack ya bure ilionyesha meseji 10,000 za mwisho. Kuanzia Septemba mwaka huo ikahamia siku 90, na yaliyofichwa yalikuwa yanakusubiri ulipie. Tangu mwishoni mwa Agosti 2024 yanayozidi mwaka mmoja kwenye mpango wa bure yanafutwa kabisa, na yanaendelea kufutwa kadiri siku zinavyosogea. Meseji yetu ya Januari, basi, inaonekana mpaka Aprili 2026, inarudi ukilipia wakati wowote kabla ya Januari 2027, na baada ya hapo hakuna pesa itakayoirudisha. Mgeni akidai marejesho Machi 2027 kwa sababu ya makubaliano ya gari, huna ushahidi. TRA nao wanataka kumbukumbu za biashara zitunzwe miaka 5, kwa hiyo bei au punguzo lililokubaliwa kwa meseji lisiachwe humo peke yake.

Sasa nipange chaguo, kwa macho ya ofisi ya watu 5 mpaka 15 inayohitaji kutafuta ya mwaka jana bila kulipa.

La kwanza: Google Chat

Karibu kila mfanyakazi ana Gmail kwa sababu ya simu ya Android, hivyo hakuna kufundishana sana. Historia ikiwa imewashwa, meseji zinabaki bila kikomo cha siku wala cha idadi, na kutafuta kunarudi nyuma mpaka mwanzo. Kitufe cha historia ndicho cha kuangalia kwanza: ikizimwa, meseji zinazoandikwa zinafutika baada ya saa 24. Fungua kila mazungumzo yanayobeba kazi uhakikishe imewashwa, halafu waambie wenzako wasiiguse.

Kikomo chake kiko kwenye nafasi. Kila akaunti ya bure ina GB 15 zinazogawanywa kati ya Gmail, Drive na picha, na sisi wa utalii tunajaza haraka kwa video za simba. Ikijaa, mwenye akaunti hawezi kupakia faili jipya mpaka apunguze. Udhaifu mwingine ni kwamba akaunti ni za watu binafsi. Bosi hana mamlaka ya kuzifunga mfanyakazi akiondoka, zaidi ya kumtoa kwenye kundi. Kwa ofisi ndogo inayoaminiana mimi bado naiweka juu, maana dereva aliyeko Ngorongoro anapata jibu la Januari akiwa na simu yake ileile.

La pili: Discord

Wengi wanaijua kama ya wacheza gemu, na sura yake inawafukuza wenye ofisi. Lakini historia yake haina kikomo hata bila kulipa, na kutafuta kwake ni kuzuri: unaweza kuchuja kwa mtu, kwa chaneli, kwa tarehe, au uone meseji zenye mafaili tu kwa kuandika `has:file`. Faili moja lisizidi MB 10. Vocha na pasipoti zinapita bila shida; video ndefu hazipiti.

Kilichoishusha ni kwamba hakuna kitufe cha mwenye kundi kupakua mazungumzo yote ya ofisi yakae kwenye kompyuta yake. Siku ukitaka kuhama, unanakili kwa mkono.

La tatu: Zulip ya mtandaoni, mpango wa bure

Hii inahesabu meseji, siyo siku: 10,000 za mwisho za ofisi nzima ndizo zinazoonekana na kutafutika. Za nyuma hazifutwi, zinasubiri ulipie. Piga hesabu kwa misimu yetu. Kipindi cha mvua za masika, ofisi ikiandikiana meseji 30 kwa siku, 10,000 ni karibu miezi 11. Julai na Agosti mkifika 150 kwa siku, 10,000 zinaisha ndani ya siku 67, pungufu ya zile 90 za Slack. Yaani dirisha linafinyika wakati wa kazi nyingi, na meseji za "sawa", "nimefika" na "asante" ndizo zinazosukuma nje mzio wa mtoto.

Pamoja na hayo nisingeidharau. Kila meseji inaingia kwenye chaneli na ndani yake mada, kwa hiyo familia ya tarehe 20 Julai inapata mada yake yenye kila kitu, kuanzia bei mpaka namba ya ndege. Na ukiwa na mtu anayejua seva, Zulip ileile unaweza kuiweka kwenye seva yenu bila kulipia leseni, na hapo kikomo cha 10,000 hakipo. Asasi za kiraia, na hapa Arusha zipo nyingi, zitume kwa Zulip maombi ya kudhaminiwa kabla ya kulipa chochote. Slack pia ina punguzo kwa asasi.

La nne: Slack ya bure

Ni nzuri kutumia, pengine kuliko zote hapa, na kwa kazi zinazoanza na kuisha ndani ya miezi miwili inatosha. Ofisi ya kukodisha magari ya siku moja haitaona tofauti. Kwa bukingi za miezi sita naiweka mwisho kwa sababu nilizokwisha kueleza.

Ukitaka kubaki nayo kwa kulipia, mpango wa Pro ni dola 7.25 kwa mtu kwa mwezi ukilipa mwaka mzima, au 8.75 ukilipa mwezi kwa mwezi. Watu 9 kwa mwaka ni dola 783, karibu shilingi milioni mbili. Huwezi kumlipia bosi peke yake. Wanahesabiwa wote wanaotumia. Wengine hulipia mwezi mmoja, dola 78.75, watoe wanachohitaji kisha warudi bure. Inawezekana, ila ukirudi bure ya zaidi ya siku 90 yanafichwa tena na saa ya mwaka mmoja inaendelea.

WhatsApp sijaipanga kwa sababu meseji zinakaa kwenye simu ya mtu. Simu ikiibiwa stendi na nakala ya akiba haikuwashwa, historia ya ofisi imeondoka nayo.

Kama umeamua kuhama Slack, usianze kwa kuwaalika watu kwenye programu mpya. Anza kwa kupakua nakala, na mwenye akaunti ya ofisi au msimamizi wake ndiye anayeweza, kwa anwani hii:

```
my.slack.com/services/export
```

Mambo mawili huwashtua watu hapa. Nakala hiyo ina chaneli za wazi tu. Mazungumzo ya watu wawili na chaneli za faragha hazimo. Pili, mafaili yanakuja kama viungo, siyo mafaili yenyewe, hivyo vocha na pasipoti zinapaswa kupakuliwa moja moja viungo vikiwa bado vinafanya kazi. Ukitaka ya zaidi ya siku 90, lipia mwezi mmoja kwanza, ndipo upakue.

Pasipoti nazo zisibaki humo bila sababu. Kufichwa si kufutwa: zile za Januari zimekaa kwenye seva mpaka mwaka uishe hata kama wewe huzioni, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakuwajibisha wewe uliyezikusanya. Zihifadhi kwenye folda moja ya ofisi yenye ruhusa ya watu wawili au watatu, kisha uzifute kwenye chaneli wiki ileile zilipotumwa, wakati bado unaziona.