Maziwa ya pakiti, ya boksi na ya unga: uzoefu wangu wa miezi mitatu

Nina watoto wawili, wa miaka mitatu na saba, na tunaishi na mama mkwe wangu ambaye bila chai ya maziwa siku yake haianzi. Kwa siku tunatumia lita moja na nusu. Hapa Dar es Salaam nimejaribu aina zote tatu: freshi ya pakiti ya Tanga Fresh, ya boksi ya Azam, na maziwa ya unga ya kampuni ambayo sitaitaja.

Nilianza na unga kwa sababu ya bei. Kopo lilikuwa na picha ya ng'ombe na maandishi makubwa kuwa yameongezwa vitamini A na D, na mafuta yaliandikwa gramu 28 kwa kila gramu 100. Ukikoroga gramu 130 kwa lita ya maji, hiyo ni karibu gramu 36 za mafuta, sawa kabisa na maziwa kamili. Nikaridhika, hadi nilipogeuza kopo na kusoma orodha ya viambato: mafuta yale yalikuwa ya mawese, siyo ya ng'ombe. Protini ilikuwa gramu 14 tu, wakati unga wa maziwa kamili huwa na takriban 25. Kikombe cha mililita 250 kilikuwa kinampa mwanangu protini chini ya gramu 5, ilhali maziwa ya ng'ombe yanampa kama 8. Iliniuma, kwa sababu huyu mdogo chakula anakionja tu, maziwa ndiyo yanayomshikilia.

Tangu hapo nasoma viambato kwanza. Unga mzuri upo, na orodha yake ni fupi: maziwa kamili, pengine na vitamini. Pia bei ya pakiti ya gramu 400 naigawa kwa tatu, maana inatoa lita tatu hivi, ndipo nailinganisha na freshi.

Ya boksi yenye herufi UHT wengi wanadhani yana dawa. Hayana haja nayo. Yamechemshwa hadi nyuzi 135 au zaidi kwa sekunde chache, kisha yakafungwa bila kuguswa na hewa chafu, kwa hiyo lebo ikijisifu kuwa hayana kihifadhi haisemi jipya. Yana ladha kidogo ya kuchemka. Mama alijaribu kuyagandisha kwa kuyaacha mezani kama alivyozoea kijijini, yakawa machungu tukamwaga. Yanahitaji mtindi wa kuanzishia.

Freshi ya pakiti hupashwa nyuzi 72 kwa sekunde 15, ndiyo maana ladha inabaki, lakini bila friji hayadumu. Sasa watoto wanakunywa freshi, na boksi mbili zinakaa kabatini kwa siku umeme unapokatika. Unga nimeurudisha kwa chai ya mama pekee, ule wa maziwa kamili.